Kujibu juu au chini ya nukuu: ulinganisho kwa ofisi inayofanya kazi kwa barua pepe

Mtu anapobofya kitufe cha kujibu barua pepe, programu yake huwa imekwisha kumwamulia mambo matatu kabla hajaandika hata neno moja. Imeamua kama maandishi ya barua anayoijibu yatanukuliwa, imeamua kama kile kijistari kinachowaka na kuzima kitasimama juu ya nukuu au chini yake, na imeamua saini yake itaangukia wapi. Wengi hatugusi mipangilio hiyo tangu siku programu iliposakinishwa, na matokeo yake huonekana pale ofisi ya Kurasini inapoandikiana na kampuni ya meli iliyoko mjini, mwagizaji wa Kariakoo na msambazaji aliyeko ng'ambo: kila mmoja anajibu kwa mtindo wa programu yake, na ikifika barua ya saba hakuna anayeweza kusema kwa uhakika nani aliahidi nini.

Nalinganisha hapa mitindo miwili mikuu, kujibu juu na kujibu chini, pamoja na ule wa tatu ambao kwa kweli ni tawi la kujibu chini, yaani kujibu katikati ya nukuu, hoja kwa hoja. Mfano nitakaoutumia ni wa wakala wa forodha, kwa sababu kazi hiyo hapa Dar es Salaam ina tarehe, tozo na watu wengi katika barua moja, na hapo ndipo tofauti ya mitindo inapoonekana wazi.

Barua moja, majibu mawili

Wakala anaiandikia kampuni ya meli hivi:

```
Habari za kazi, dada.
Kuhusu kontena letu, naomba kujua:
1. Je, hati ya kuruhusu mzigo kutoka iko tayari?
2. Siku za bure za kontena zinaisha lini?
3. Je, tunaweza kulipa kwa shilingi?
```

Mhudumu wa kampuni ya meli anajibu juu ya nukuu, akiwa kwenye simu, kati ya kazi moja na nyingine:

```
Nzuri, kaka. Ndiyo, inawezekana. Bado tunasubiri.
Hilo la tarehe nitakujulisha leo.
```

Chini ya maneno hayo imefuata barua nzima ya wakala, bila kuguswa. Jibu hilo si la uvivu, kwani lina majibu yote matatu. Lakini "ndiyo, inawezekana" ni jibu la swali la tatu ingawa limetangulia, na "bado tunasubiri" ni jibu la swali la kwanza. Wakala anayesoma harakaharaka ataipa "ndiyo" swali la kwanza, ataagiza lori liende kuchukua kontena, na lori litageuzwa getini kwa sababu hati haijatoka.

Jibu hilohilo likiwekwa katikati ya nukuu linakuwa hivi:

```
> 1. Je, hati ya kuruhusu mzigo kutoka iko tayari?

Bado. Tunasubiri hati halisi ya shehena.

> 2. Siku za bure za kontena zinaisha lini?

Nitakujulisha leo.

> 3. Je, tunaweza kulipa kwa shilingi?

Ndiyo, inawezekana.
```

Hapa hakuna namna ya kukosea. Kila jibu limekaa chini ya swali lake, na salamu pamoja na sentensi ya utangulizi zimefutwa kwa sababu hazihitaji kujibiwa. Kufuta huko ndiko kiini cha mtindo wenyewe. Mwongozo wa adabu za mtandao uitwao RFC 1855, uliotolewa Oktoba 1995, uliwataka wanaojibu ama wafupishe ujumbe wa awali pale juu, ama wabakishe maandishi yake kiasi tu cha kutosha kueleweka. Anayenukuu barua nzima kisha akaandika sentensi moja chini yake hajafuata mwongozo huo, ingawa mipangilio yake inasema "chini". Kwa maoni yangu, kujibu chini bila kupunguza nukuu ndiyo njia mbaya kuliko zote, kwa kuwa humlazimisha msomaji kupita kwenye maandishi aliyoyaandika mwenyewe ndipo afikie jambo jipya.

Kwenye simu ubaya huo unaongezeka. Orodha ya barua huonyesha maneno machache ya mwanzo ya kila barua, na arifa hufanya vivyo hivyo. Aliyejibu juu, jibu lake linaonekana hapohapo hata kabla barua haijafunguliwa. Aliyejibu chini bila kupunguza, kinachoonekana ni tarehe, jina la aliyenukuliwa na mwanzo wa barua ya zamani. Gmail nayo hukunja nukuu iliyo mwishoni mwa barua na kuweka nukta tatu mahali pake, kwa hiyo nukuu ndefu iliyo chini haimsumbui msomaji wake, ilhali nukuu ndefu iliyotangulia jibu huachwa wazi kwa kawaida.

Pale kujibu juu kunaposhinda

Sitaki ieleweke kwamba kujibu katikati ndiko sahihi siku zote. Kuna kazi moja ambayo kujibu juu hufanya vizuri kuliko mtindo mwingine wowote, nayo ni kubeba historia. Mazungumzo kati ya wakala na kampuni ya meli yakifika barua ya tano, mhasibu wa mwagizaji huongezwa kwenye orodha ya nakala ili aidhinishe malipo. Kama wote wamejibu juu na hawajafuta kitu, mhasibu anashuka chini, anaanza kusoma tangu barua ya kwanza, na anaelewa deni limetoka wapi. Kama wote wamejibu katikati na kupunguza kama ipasavyo, mhasibu anapata vipande vitatu vya nukuu visivyo na mwanzo, na itabidi atumiwe barua nyingine zote.

Faida hiyo ndiyo hiyohiyo inayozaa hatari yake. Barua inayobeba kila kitu hubeba pia yale yasiyomhusu anayeongezwa. Nimewahi kuona mteja akiongezwa kwenye mazungumzo ambayo, barua tatu chini, wakala na mwenzake walikuwa wakijadili kiasi cha kumtoza huyo mteja mwenyewe. Hakuna aliyekusudia kumwonyesha, kwani nukuu ilikuwa imekunjwa kwenye skrini ya aliyetuma na hakuiona. Kwa hiyo anayejibu juu ana wajibu mmoja asioweza kuukwepa: kabla ya kuongeza anwani mpya, afungue nukuu na kuisoma hadi mwisho, au aanze barua mpya.

Lipo pia suala la ukubwa. Mazungumzo ya barua 12 yaliyojibiwa juu bila kufutwa yanabeba, ukijumlisha barua zote pamoja na nukuu zake, maandishi ya barua 78, kwa sababu ya kwanza ina moja, ya pili ina mbili, na kuendelea hivyo hadi ya mwisho. Maandishi peke yake ni mepesi, lakini saini za ofisi zetu nyingi zina nembo, na nembo hiyo husafiri upya kila mara na kulipiwa bando upya. Gmail hukata sehemu ya barua ambayo maandishi na alama zake za HTML zimezidi takriban kilobaiti 102, kisha huweka kiungo cha kufungulia barua nzima. Mhasibu asiyekiona kiungo hicho atadhani barua ya kwanza kabisa, ile yenye kiasi kilichokubaliwa, haipo.

Kinachotengeneza ujongezo

Watu wengi hubishana juu ya mtindo bila kutazama kitu kinachoamua kama mtindo wenyewe utaonekana upande wa pili. Nukuu huwekewa alama kwa namna mbili tofauti kabisa, na namna hizo hazitafsiriwi kwa usawa na kila programu.

Katika barua ya maandishi matupu, alama ya nukuu ni `>` mwanzoni mwa kila mstari. Mstari wenye alama moja ni wa barua unayoijibu, wenye alama mbili ni wa barua iliyotangulia hiyo, na usio na alama ni wako. Kina cha nukuu kinahesabika kwa macho, na hakuna rangi wala fonti inayoweza kukipoteza. Kinachoweza kukipoteza ni urefu wa mstari. Programu nyingi huvunja mistari ya maandishi matupu inapofika karibu herufi 72 hadi 78, na Outlook ya Windows imewekwa herufi 76. Chukua sentensi hii ya wakala:

```
Tafadhali thibitisha kwamba gharama za kuhifadhi kontena zitalipwa na mteja
kabla ya kontena kutoka bandarini.
```

Mstari wake wa kwanza una herufi 75, kwa hiyo unatosha. Anayejibu akiunukuu, programu inaongeza `>` na nafasi moja, na mstari unafika herufi 77. Kama programu yake inavunja mistari upya kwenye herufi 76 wakati wa kutuma, kinachomfikia mpokeaji ni hiki:

```
> Tafadhali thibitisha kwamba gharama za kuhifadhi kontena zitalipwa na
mteja
> kabla ya kontena kutoka bandarini.
```

Neno "mteja" limebaki peke yake bila alama. Kwa kanuni ya alama, neno hilo sasa ni la aliyejibu na si la wakala. Barua inayofuata italiongezea alama moja wakati mistari jirani ina mbili, na kufikia barua ya nne nukuu inakuwa mistari mirefu na mifupi inayopishana, ambayo hakuna anayeweza kusema kila neno lake ni la nani. Dalili ya kutambua tatizo hili ni hiyohiyo: mstari mfupi wa neno moja au mawili, wenye alama pungufu, uliobanwa kati ya mistari mirefu.

Dawa yake imeelezwa katika waraka wa viwango vya mtandao uitwao RFC 3676, wa mwaka 2004, na inaitwa `format=flowed`. Mstari uliovunjwa na programu humalizikia kwa nafasi moja tupu, na nafasi hiyo humwambia mpokeaji kwamba mstari huu na ule unaofuata ni sentensi moja mradi ina idadi sawa ya alama za nukuu. Programu inayoelewa jambo hilo huunganisha mistari, hunukuu, kisha huvunja upya kwa kipimo sahihi. Programu ya barua pepe ya Thunderbird hutuma barua zake za maandishi matupu kwa namna hiyo. Ukitaka kuhakikisha, fungua chanzo cha barua kwa `Ctrl+U` na utafute mstari huu:

```
Content-Type: text/plain; charset=UTF-8; format=flowed
```

Lakini dawa hii inafanya kazi pale tu ambapo pande zote zinaitumia. Mmoja katika mnyororo akivunja mistari kwa nguvu, mistari hiyo itabaki imevunjika katika barua zote zinazofuata.

Katika barua ya HTML, nukuu haina alama kwenye kila mstari. Inafungwa ndani ya kifungu kiitwacho `blockquote`, na barua ya pili ikinukuu ya kwanza, kifungu kimoja huingia ndani ya kingine. Ujongezo unaouona ni pambizo la kifungu hicho, na mstari wa wima pembeni ni mpaka wake. Gmail huandika vipimo vyake ndani ya barua yenyewe:

```
<blockquote class="gmail_quote" style="margin:0px 0px 0px 0.8ex;
border-left:1px solid rgb(204,204,204);padding-left:1ex">
```

Vipimo hivyo ni vidogo kwa makusudi, ili nukuu ya kina cha sita isomeke bado. Thunderbird huandika `blockquote type="cite"` na kuiachia programu ya msomaji ichore pambizo inavyojua. Programu isiyoijua alama hiyo hurudi kwenye kipimo cha asili cha vivinjari, ambacho ni pikseli 40 kushoto na pikseli 40 kulia kwa kila kina. Piga hesabu kwenye simu yenye upana wa pikseli 360: nukuu ya kina cha nne imekula pikseli 320, na maneno yamebaki na ukanda wa pikseli 40. Hiyo ndiyo sababu baadhi ya mazungumzo marefu hushuka kama ngazi kuelekea kulia hadi kila mstari unabaki na silabi moja. Aliyeandika hakukosea, na saizi ya herufi haihusiki. Vifungu vimepandana bila kipimo kilichokubaliwa.

Outlook ya Windows inafuata njia ya tatu. Katika mpangilio wake wa kawaida haijongezi kitu. Huchora mstari wa mlalo, huandika chini yake nani alituma, lini, kwa nani na kuhusu nini, kisha huweka barua ya zamani kwa upana uleule. Mnyororo mzima unakuwa bapa, wa kusomwa kutoka chini kwenda juu, na kina cha nukuu hakionekani popote. Programu hiyo imejengwa kwa ajili ya kujibu juu, na ndiyo iliyoenea katika kampuni kubwa za meli, benki na idara nyingi. Mtu anayejibu katikati ndani ya mnyororo huo bapa, maneno yake hayatofautiki na ya aliyenukuliwa isipokuwa ayapake rangi. Ndipo inapokuja ile sentensi tunayoiona kila siku, "angalia majibu yangu kwa rangi nyekundu hapo chini". Rangi hiyo hupotea mara barua inapogeuzwa kuwa maandishi matupu, na mtu wa tatu akijibu naye kwa nyekundu, hakuna tena tofauti.

Mipangilio ya kila programu

Thunderbird ndiyo inayotoa uhuru mkubwa zaidi, na uhuru huo ni wa kila akaunti peke yake. Fungua mipangilio ya akaunti, kisha `Composition & Addressing`. Hapo kuna kisanduku cha kunukuu barua ya awali unapojibu, chaguo la kuanza jibu juu ya nukuu au chini yake, na chaguo la mahali pa saini. Kwa anayependa kuhariri mipangilio ya ndani, majina yake ni haya:

```
mail.identity.id1.reply_on_top
mail.identity.id1.sig_bottom
```

Thamani ya `reply_on_top` ikiwa 0 unaanza chini, na ikiwa 1 unaanza juu. Ukiweka kijistari katikati ya nukuu na kubonyeza Enter, programu hukata kifungu vipande viwili na kukuachia nafasi yako mwenyewe nje ya nukuu, jambo ambalo ndilo msingi wa kujibu katikati. Aidha, ukichagua sentensi moja katika barua kabla ya kubofya kujibu, ni sentensi hiyo tu itakayonukuliwa. Kwangu mimi hilo linazidi mpangilio mwingine wowote kwa faida, kwa sababu linafanya kazi ya kupunguza nukuu kwa tendo moja.

Apple Mail ina chaguo hilohilo la kunukuu kilichochaguliwa tu, pamoja na kiwango cha nukuu kinachoweza kuongezwa au kupunguzwa kwa mkono kupitia `Format`, kisha `Quote Level`. Kwenye iPhone, kuongezeka kwa ujongezo wakati wa kujibu huzimwa katika mipangilio ya Mail, kwenye `Increase Quote Level`, na anayepokea minyororo mirefu hupata nafuu akiizima.

Outlook ya kawaida ya Windows, nikimaanisha ile iitwayo classic na si Outlook mpya wala ya kwenye wavuti, huweka mambo haya katika `File`, `Options`, `Mail`, sehemu ya `Replies and forwards`. Unaweza kuchagua kuiweka barua ya awali bila ujongezo, kuiweka pamoja na ujongezo, au kutanguliza kila mstari kwa alama. Chaguo la mwisho hilo linavutia anayetoka kwenye maandishi matupu, lakini katika barua ya HTML alama hiyo huwa mstari wa wima usiokatika unapobonyeza Enter, hivyo jibu lako linaweza kubaki limefungwa ndani ya nukuu. Kwa watumiaji wa Outlook wanaolazimika kujibu katikati ninapendekeza kisanduku cha `Preface comments with`. Ukiandika jina lako hapo, programu huliweka ndani ya mabano ya mraba kila unapoanza kuandika katika barua ya awali. Jina halipotei kama rangi inavyopotea.

Gmail ya kwenye kivinjari haina mpangilio wa kuanza chini. Hujibu juu, na nukuu hukunjwa chini ya nukta tatu. Anayetaka kujibu katikati hubofya nukta hizo, huweka kijistari mwishoni mwa swali na kubonyeza Enter, na kama mstari mpya bado umekaa ndani ya mpaka wa nukuu, `Ctrl+[` hupunguza ujongezo na kuutoa nje.

Saini na vistari viwili

Kuna jambo dogo ambalo huharibu barua nyingi, na halizungumzwi. Kwa desturi ya zamani, saini hutanguliwa na mstari wenye vistari viwili na nafasi moja tupu, `-- `, na programu zinazoielewa alama hiyo huchukulia kwamba kila kilicho chini yake ni saini, na hukiondoa wakati wa kunukuu. Kwa anayejibu chini au katikati, desturi hiyo ni msaada, kwani saini iko mwisho kabisa na inajiondoa yenyewe kwenye barua inayofuata.

Kwa anayejibu juu na kuweka saini mara baada ya jibu lake, alama hiyohiyo ni hatari. Chini ya saini yake kuna mnyororo wote wa nukuu, na programu ya mpokeaji inaweza kuuona mnyororo huo wote kuwa sehemu ya saini na kuukata. Ile faida ya kubeba historia, ambayo ndiyo sababu kubwa ya kujibu juu, inakuwa imeondoka. Thunderbird hulijua hilo, kwa hiyo haiweki vistari ukiwa umechagua kujibu juu na saini juu ya nukuu. Katika Gmail inabidi mwenyewe uweke alama kwenye kisanduku kilicho chini ya sehemu ya saini katika mipangilio, kile kinachotaja kuweka saini kabla ya maandishi yaliyonukuliwa na kuondoa mstari wa `--`. Bila kukiweka alama, saini yako itakwenda chini ya mnyororo wote, ndani ya nukta tatu, na mpokeaji mpya hataona jina wala namba yako ya simu.

Ofisi ichague ipi?

Kwa ofisi ya uwakala, ya uagizaji au ya uhasibu, ambayo nusu ya wanaoandikiana nayo wanatumia Outlook na nusu Gmail kwenye simu, mpangilio wa kuanzia uwe kujibu juu, saini juu ya nukuu, vistari vimeondolewa. Kushindana na programu za wengine kwa kuanza chini hakuleti faida, kwa sababu wao wataendelea kujibu juu, na mnyororo utakuwa na barua moja inayosomwa kwenda chini na nyingine inayosomwa kwenda juu. Mchanganyiko huo ni mbaya kuliko mtindo wowote ukiwa peke yake.

Hata hivyo barua yenye maswali zaidi ya moja ijibiwe swali kwa swali, bila kujali mpangilio. Kama unajua mpokeaji anatumia Outlook, au hujui anatumia nini, usitegemee ujongezo wala rangi. Nakili maswali juu, pale unapoandika jibu lako, pamoja na namba zake, kisha jibu kila moja kwa sentensi kamili:

```
1. Hati ya kuruhusu mzigo: bado. Tunasubiri hati halisi ya shehena.
2. Siku za bure: nitakujulisha leo tarehe ya mwisho.
3. Malipo kwa shilingi: ndiyo, inawezekana.
```

Kwa sura hiyo jibu limekaa juu, linaonekana kwenye arifa ya simu, halitegemei alama yoyote ya nukuu, na historia imebaki chini kwa mhasibu atakayeongezwa kesho. Anayeuliza naye ana sehemu yake, kwani maswali yaliyopewa namba hujibika hivyo kwa urahisi, na maswali matatu yaliyosukwa katika aya moja hayajibiki.

Uamuzi unageuka kwa mtu anayeshiriki kazi za kiufundi zinazofanywa kwa maandishi matupu, kama vile uundaji wa kerneli ya Linux, ambako watu huaswa waziwazi wasijibu juu na majibu hutakiwa yakae katikati ya nukuu iliyopunguzwa. Hapo chagua kuanza chini, maandishi matupu, na saini yenye vistari mwishoni. Mtu huyohuyo mwenye akaunti ya ofisi na akaunti ya kazi hizo hana haja ya kuchagua mtindo mmoja kwa maisha yake yote, kwani katika Thunderbird kila akaunti hushika mpangilio wake. Na siku ukilazimika kutuma barua moja kwa sura tofauti na ile uliyozoea, shikilia Shift unapobofya kitufe cha kujibu, na dirisha litafunguka kwa maandishi matupu kama kawaida yako ni HTML, au kwa HTML kama kawaida yako ni maandishi matupu.

Kabla ya kuwapa wafanyakazi mipangilio mipya, ijaribu kwa akaunti mbili za programu tofauti, kwa mfano Gmail ya simu na Outlook ya ofisini. Tuma barua yenye maswali matatu, mojawapo likiwa na mstari mrefu, na uijibu huku na huku mara nne. Katika barua ya nne angalia vitu vitatu: kama kuna mstari mfupi uliobaki bila alama, kama saini imebaki juu ya nukuu, na kama barua ya kwanza bado iko chini kabisa. Fanya jaribio hilo kwenye simu yenye skrini ndogo kuliko zote mlizonazo, kwa sababu ujongezo usioonekana kuwa tatizo kwenye kompyuta hujitokeza huko kwanza.